Tarakilishi Mgeni na Fonimu Zinazopotea Njiani

Miongoni mwetu wanafunzi wa uzamili wako wengi wanaojikimu kwa kufundisha Kiswahili kwa wanagenzi walio ughaibuni, na baadhi yao hufanya kazi hiyo ndani ya tarakilishi mgeni. Malalamiko ninayoyasikia kwao ni ya aina moja: sauti inatoka lakini maikrofoni imekufa, kwa hiyo mgeni hafai kwa somo la lugha. Nadhani hukumu hiyo ni ya haraka mno. Hata hivyo, sikubaliani pia na wale ambao, mara tu sauti inapopita, huamini kuwa kazi imekwisha. Anayefundisha lugha hatosheki na kusikika. Anapaswa kuhakikisha kuwa mwanagenzi anaweza kutofautisha *thamani* na *samani*, na ninavyoona mimi, jambo hilo huamuliwa nje ya mgeni, katika tarakilishi iliyomkaribisha.

Kwa wasioifahamu istilahi hii, tarakilishi mgeni ni mfumo kamili wa uendeshaji unaoishi ndani ya programu iliyo katika tarakilishi nyingine, ambayo nitaiita mwenyeji. Mfano nitakaoutumia ni wa mwenzangu mmoja. Mwenyeji wake ni tarakilishi ya mapajani yenye Windows 11 ambayo anaitumia pamoja na wenzake wawili wa chumbani. Mgeni wake ni Ubuntu ndani ya VirtualBox, aliyempa jina "Somo". Humo ameweka kazi za wanagenzi wake, rekodi zao na kamusi zake, mbali na mikono ya watu. Faili za mgeni huyo amezihifadhi katika diski ya nje, na mwenyeji akiwa na shughuli nyingine, yeye humhamishia Somo kwenye tarakilishi ya jirani.

Mgeni hana maikrofoni. Alicho nacho ni kadi ya sauti ya kuigiza ambayo VirtualBox humwonyesha, nayo huletewa sauti na mwenyeji. Sauti ya mwalimu basi hupita milango minne: ruhusa ya maikrofoni katika Windows, ruhusa ya VirtualBox, kifaa na kiwango cha sauti ndani ya Ubuntu, na mwisho ruhusa ya kivinjari au programu ya mazungumzo. Wengi huanza kutafuta tatizo katika mlango wa nne kwa kuwa ndio walio nao mbele ya macho. Mimi nashauri kuanza na wa kwanza.

Katika Windows 11, fungua "Settings", kisha "Privacy & security", kisha "Microphone". VirtualBox haina swichi yake yenyewe hapo. Inafuata ile ya jumla iitwayo "Let desktop apps access your microphone". Ikiwa imezimwa, hakuna utakalolifanya ndani ya mgeni likasaidia. Ikiwa imewashwa, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, sema maneno mawili matatu na uutazame mstari wa kiwango cha maikrofoni. Ukicheza, mlango wa kwanza u wazi.

Mlango wa pili ndio unaowanasa wengi. VirtualBox huwasha sauti inayotoka na kuiacha ile inayoingia ikiwa imezimwa kila unapomuumba mgeni mpya. Hii ni tahadhari ya usalama, nami naiunga mkono, kwani si kila mgeni anayestahili kusikiliza mazungumzo ya chumbani. Matatizo huanza kwa kuwa kuzimwa huko hakutangazwi. Ubuntu huiona kadi, huiona maikrofoni, na hurekodi bila kulalamika. Faili hupatikana, urefu wake ni sawasawa, na ndani yake mna kimya kitupu. Ukiona mstari wa kiwango ukicheza kwa mwenyeji na kulala kwa mgeni, shuku mlango huu kabla ya mwingine. Mgeni akiwa anaendeshwa, tumia menyu "Devices", "Audio", kisha "Audio Input". Akiwa amezimwa, agizo hili hutosha katika VirtualBox 7:

```
VBoxManage modifyvm "Somo" --audio-in=on
```

Mpangilio huo huandikwa katika faili ya mgeni, kwa hiyo husafiri naye katika diski. Ruhusa ya Windows haisafiri. Hiyo ndiyo sababu mwenzangu alikuwa akisikika vizuri chumbani mwake na kuwa bubu kwa jirani, ilhali hakuwa amegusa chochote ndani ya Somo.

Mlango wa tatu na wa nne havina mengi. Katika Ubuntu, hakikisha kiwango cha maikrofoni hakijashushwa hadi sufuri. Katika kivinjari, kubali ombi la kutumia maikrofoni linapojitokeza. Kabla ya kufungua kivinjari, rekodi sekunde kumi na ujisikilize:

```
arecord -d 10 -f cd jaribio.wav
aplay jaribio.wav
```

Na hapa ndipo mtu wa lugha anapoachana na fundi wa tarakilishi. Fundi atasema "haloo, moja, mbili", atajisikia, ataondoka. Sisi tuna jozi za mlinganuo finyu, na hatuna kisingizio cha kutozitumia. Soma *soka* na *shoka*, *thamani* na *samani*, *dhana* na *zana*. Anayefundisha lafudhi ya Kimvita aongeze *paa* la nyumba na *paa* mnyama, ambaye kipasuo chake hutamkwa kwa mpumuo. Sikiliza rekodi ukiwa umefumba macho, au bora zaidi, mpe mtu mwingine aandike anachokisikia.

Mwenzangu alikuwa na mwanagenzi Mjerumani ambaye katika imla alikuwa akiandika *thamani* palipotamkwa *samani*, na *dhana* palipotamkwa *zana*. Aliyaeleza makosa hayo kuwa athari za lugha ya kwanza. Maelezo hayo hayakunishawishi. Kijerumani hakina /th/ wala /dh/, na kwa hiyo tungetarajia Mjerumani aelekee upande wa pili, aandike *samani* kwa *thamani*. Kosa linalokwenda kinyume na utabiri wa isimu linganishi linapaswa kututia shaka kuhusu kilichomfikia masikioni.

Kilichomfikia kilikuwa kimekatwa. Mwenzangu alikuwa akitumia hedifoni za Bluetooth zilizounganishwa kwa mwenyeji. Hedifoni za namna hiyo zinaposikilizwa tu, hutoa sauti pana na nzuri. Maikrofoni yake inapohitajika, hedifoni nyingi huhamia katika hali ya simu, na zile za zamani huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde. Kanuni ya kuchukua sampuli ni kwamba hupati masafa yanayozidi nusu ya idadi hiyo, yaani hezi 4,000, na kwa kweli njia ya simu ya kawaida huishia karibu na 3,400. Kikwamizo /s/ kina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hezi 4,000. Kile cha /sh/ huanza chini zaidi, kwa hiyo hunusurika. Matokeo yake ni kwamba *soka* na *shoka* bado hutofautiana, lakini /s/ iliyonyang'anywa mluzi wake hubakia kivumo dhaifu kinachofanana na /th/ au hata /f/. Hedifoni za baadaye zinazochukua sampuli 16,000 hupunguza sana hasara hiyo.

Lililo baya zaidi ni kuwa mgeni hawezi kukwambia. Ukiikagua faili ya `jaribio.wav`, utaambiwa ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa kadi ya kuigiza ndivyo ilivyoombwa. Ukubwa wa chombo haurudishi kilichomwagika njiani. Ni sikio pekee, au picha ya spektogramu kwa anayeijua, litakalofichua kwamba juu ya hezi 4,000 hamna kitu. Ninawasihi hasa wale wanaokusanya data za tasnifu kwa mazungumzo ya video walizingatie jambo hili, maana hapo hasara si ya somo moja.

Dawa ya mwenzangu ilikuwa nyepesi. VirtualBox huchukua maikrofoni ambayo Windows imeiteua kuwa ya kawaida. Aliteua maikrofoni ya tarakilishi yenyewe katika mipangilio ya sauti ya mwenyeji, akaziacha hedifoni za Bluetooth kwa kusikiliza tu, kisha akazima na kuwasha tena "Audio Input" ili mgeni aanze upya. Imla iliyofuata haikuwa na *thamani* pasipostahili. Maikrofoni ya tarakilishi hunasa kelele za chumba, kwa hiyo hedifoni za waya, hata zile za bei ya chini, ningezipendelea kuliko vyote.

Wako wanaoshauri njia nyingine: kumkabidhi mgeni hedifoni za USB moja kwa moja, mwenyeji asizione kabisa. Hoja yao ina uzito, kwani mgeni hupata kifaa halisi na sampuli halisi. Lakini sauti ya USB hudai kufika kwa wakati maalumu bila kusubiri, na kifaa kinapopitishwa kwa kuigiza, nimesikia mara nyingi sauti ikikatikakatika na kutoa milio kama kuni mbichi motoni. Hali kadhalika mwenyeji hubaki bila kifaa hicho, na hapo huwezi tena kulinganisha mlango wa kwanza na wa pili. Kwa mazungumzo, kadi ya kuigiza yatosha.

Mikatiko ikitokea hata kwa kadi hiyo, tazama ukingo wa chini wa dirisha la mgeni. Picha ya kobe wa kijani ina maana kwamba Windows imeishikilia Hyper-V, na VirtualBox inatembea kwa mwendo wa kobe huyo. Mpe mgeni viini viwili vya kichakataji ikiwa alikuwa na kimoja. Kisha zima kamera yako, au ushushe ubora wake, maana aghalabu ndani ya mgeni video hubanwa na kichakataji peke yake, na kichakataji kikilemewa, sauti ndiyo inayoumia kwanza. Punguza pia kiwango cha kuondoa kelele katika programu ya mazungumzo. Vikwamizo na mpumuo vinafanana mno na kelele kwa programu isiyojua fonolojia yetu.

Kuna kazi ambayo singemkabidhi mgeni, nayo ni mtihani wa matamshi unaotolewa alama. Kila mlango huongeza ucheleweshaji kidogo na nafasi moja ya kuharibika, na mtahiniwa hana namna ya kujua alama yake imepotelea wapi. Kwa siku hiyo, mwalimu akifungue kivinjari katika mwenyeji wenyewe, aweke hedifoni za waya, na amwache Somo alale katika diski yake.