Eneo la 0.85 halitetei kizingiti

Makala yanapotaja eneo la 0.85 chini ya mkunjo wa ROC, maana yake ni kwamba, mgonjwa mmoja na mtu mmoja asiye na ugonjwa wakichaguliwa kwa nasibu, uwezekano wa kipimo kumpa mgonjwa thamani ya juu zaidi ni asilimia 85. Kwa kuwa eneo hilo hukusanya vizingiti vyote kwa pamoja, haliwezi kutetea kizingiti kimoja kinachopendekezwa.

Kizingiti chenyewe mara nyingi hutokana na kielezo cha Youden cha mwaka 1950, kinachojumlisha unyeti, yaani sehemu ya wagonjwa wanaotambuliwa, na umahususi, yaani sehemu ya wasio wagonjwa wanaopata jibu hasi, kisha kutoa 1. Kielezo hicho huyapa makosa ya pande zote mbili uzito sawa, jambo ambalo tabibu hawezi kulikubali katika kila ugonjwa: kizingiti cha D-dimer cha 500 ng/mL kimewekwa chini kwa makusudi, kwa sababu donge la damu la mapafuni lisipogunduliwa laweza kuua, ilhali jibu chanya lisilo la kweli huishia kwenye picha ya CT.

Tena, kizingiti kilichotafutwa na kupimwa kwa watu walewale huonekana bora kuliko kilivyo, hasa wagonjwa wakiwa 40 tu, ambapo kila mmoja anayehama upande husogeza unyeti kwa pointi 2.5, kwa hiyo kinapaswa kujaribiwa kwa wagonjwa wengine kabla ya kutumika kliniki.