Video ya mama mwenye mimba: kwanza muzalishaji, kisha muchoraji

Tunaandika haya kwa sababu desen anime za afya zimeanza kupita kwa telefone za wafanyakazi wa mgodi, kwa kantini na kwa vyumba vya kungojea vya vituo vya afya. Sisi delege wa sendika hatuko kinyume na hiyo kazi. Tuko kinyume na namna inavyofanyiwa.

Moja tuliona kwa kantini, saa ya kubadilisha posti. Ilikuwa na dakika saba na mashauri kumi na mbili: lishe, neti ya mbu, kunyonyesha, uzazi wa mpango, na mengine. Mama wa mle ndani alikuwa na nyumba ya karo na friji mpya. Bwana yake alikuwa anavaa tai. Watu walicheka, wakarudilia chakula. Lakini kibaya zaidi kilikuwa hiki: ilisema mama apimwe mimba mara ine. Na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (OMS) linapendekeza mara nane. Mama akifika kwa sepeene na kusema "video ilisema ine inatosha," muzalishaji atamjibu nini? Akisema video ilidanganya, mama hataamini tena video. Akinyamaza, mama hataamini muzalishaji.

Kwa hiyo tunasema: video moja, ugonjwa mumoja, familia moja inayofanana na zetu, na kila neno lipite kwa mikono ya wale wanaozalisha.

Sisi tungechagua tansio ya mimba, ile waganga wanaita preeklampsia. Sababu yake ni rahisi. Inaanza kisha wiki ya 20, ni kusema kama kwa mwezi wa tano. Tansio inapanda mpaka 140 kwa 90 ao zaidi, mara mingi na protini ndani ya mikojo. Mama anaweza kutembea nayo bila kusikia kitu. Ikizidi, kichwa kinauma sana na hakitulii, macho yanaona vibaya, maumivu yanakuja juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono vinavimba. Kisha mama anaweza kuanguka na kutetemeka kama mtu wa kifafa. Hapo maisha yake na ya mtoto iko karibu kupotea.

Na kwetu huku Kolwezi, Likasi ao Kipushi, mama akisema kichwa inauma, kila mtu anajibu: ni malaria. Jibu hilo si la ujinga. Malaria iko, na inaua pia. Akianguka, wengine wanasema kifafa, wengine bulozi. Saa zinapita kwa kubishana. Huo ugonjwa unaonekana kwanza kwa nyumba, na unapimwa kwa kifaa kidogo cha kufunga kwa mukono. Njo pale video inaweza kusaidia: inajaza ile nafasi kati ya kitanda na kile kifaa.

Sasa familia. Tuseme mama anaitwa Feza, mimba ya miezi munane. Bwana yake, Kabwe, iko posti ya usiku. Kwa nyumba kuko mama mukwe na binti wa miaka kumi na mbili. Saa tano ya usiku Feza anasema:

"Mama, kichwa inaniuma toka asubui. Nilikunywa parasetamoli, haitulie. Na lampe naiona mbili."

Mama mukwe anajibu: "Ni malaria. Lala, kesho tutaenda."

Video yote inasimama kwa hilo neno "kesho". Nani anaamua? Nani anashika franka za pikipiki? Kwa kampi zetu mara mingi ni bwana, na bwana iko chini ya ardhi ao juu ya lori kubwa. Kama hadithi haionyeshi simu ile inayotafuta Kabwe, haisemi ukweli wetu. Binti anapiga simu, Kabwe hapatikani. Mama mukwe anakumbuka kwamba muzalishaji alisema: kichwa kikali na macho mabaya, usingoje. Anafungua kitambaa chake, anatoa franka, anaita kijana wa pikipiki wa jirani. Ni yeye anayeokoa. Hatutaki mama mukwe mubaya kwa video. Wamama wakubwa wakijiona wanatukanwa, watazima telefone, na ni wao wanaokaa karibu na kitanda.

Kwa kituo, muzalishaji hasemi "wewe mama, ulikosea". Anapima tansio na mikojo. Anapima malaria pia, sababu moja haizuii ingine. Tansio iko 170 kwa 110. Anamupa shindano ya kuzuia kifafa, anaita hospitali kubwa, wanampeleka. Video haitaji kipimo cha dawa hata kimoja. Kipimo ni kazi ya muganga, na mtu akikisikia kwa telefone ataenda kununua kwa farmasi.

Kazi inaanza kwa karatasi, haianzi kwa kuchora. Dakika ine za sauti ya kutulia zinabeba maneno kama 400 tu. Tunaandika kwa safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Karatasi inaenda kwa muzalishaji, kwa enfirmie titulere wa kituo, kisha kwa dokta wa zoni ya afya. Kila mumoja anaweka alama kwa kila sentensi: ndiyo, hapana, ao "sema hivi". Wakipingana, wanakaa pamoja mpaka neno moja libaki, sababu mama atawakuta wote watatu.

Mfano wa kusahihisha ni huu. Mutu wa kawaida ataandika: "Miguu ikivimba, kimbia kwa kituo." Muzalishaji atakata. Miguu inavimba kwa wamama wengi wenye mimba nzuri, na kituo kitajaa bure usiku. Anabadilisha: uso na mikono vikivimba kwa gafla, ao uvimbe ukija pamoja na kichwa kikali, usingoje. Mwengine ataandika kwamba mtu akitetemeka wamutie kijiko mu kinywa. Huo ni mukate pia: musitie kitu mu kinywa, mumulaze kwa ubavu wa kushoto, mumupeleke mara moja. Na ataongeza sentensi ambayo wengi wanasahau: hatari haiishe siku ya kuzaa. Kifafa hicho kinaweza kuja kisha mtoto kutoka, zaidi katika siku za kwanza, hata ndani ya wiki sita.

Kwa nini tunakaza juu ya karatasi? Hesabu iko wazi. Desen anime ya mukono inaomba kama michoro 12 kwa kila sekonde. Dakika moja ni michoro 720, dakika ine ni 2 880. Hata ukitumia sanamu za kukata zinazosogezwa kwa ordinatere, kila badiliko linakula siku. Kubadilisha sentensi kwa karatasi kunakula wino. Mutu anayechora kwanza na kuita waganga mwishoni hawaiti kusahihisha, anawaita kupiga makofi.

Kisha kuna jaribio, mbele ya kusogeza kitu. Michoro iliyosimama, na sauti iliyorekodiwa kwa telefone. Unaonyesha wamama wa sepeene, kisha wababa wanaotoka posti, kisha wamama wakubwa, kila kundi peke yake. Usiulize "muliipenda?" Watasema ndiyo kwa heshima. Uliza: "Mutuelezee, mama huyu iko na nini? Na kama ni kwako usiku huu, ungefanya nini?"

Hapo ndipo macho inafunguka. Ukichora nyota zikizunguka kichwa cha Feza, wamama wanaweza kuona bulozi. Ukichora ukungu mbele ya macho, wanaona moshi wa makala. Afazali kamera iwe macho ya Feza, lampe ikiwa mbili. Ukichora uso wa kuvimba, wengi watasema: "Ananenepa, bwana yake anamulisha muzuri." Kwetu kunenepa ni sifa. Kwa hiyo unaonyesha pete ya ndoa isiyotoka tena kwa kidole, na Feza anajitazama kwa kioo asubui, hajitambui. Ukipata makundi matatu yanayokuelezea hadithi sawasawa, na kusema "ningeenda usiku ule ule", unaweza kuanza kusogeza.

Lugha pia. Swahili ya video iwe ya Katanga, ile ya kwa nyumba. Mama akisikia lugha ya mbali anafikiri kwamba mambo ni ya watu wa mbali.

Lakini tuseme wazi kile ambacho hakuna michoro inaweza kufanya. Video ikimwamusha mama usiku na kumuleta kwa kituo ambapo kifaa cha tansio kimekufa, imemufanyia nini? Kwa hiyo, mbele ya kuitoa, tunaomba enfirmie titulere ajibu mambo matatu: kifaa cha tansio kinafanya kazi usiku huu? Manyeziamu sulfati iko ndani ya kabati, na muda wake haujapita? Kuna njia ya kufika hospitali kubwa kabla ya asubui? Jibu moja likiwa hapana, pesa za video ziende kwanza pale.

Na kwa mabwana wa kazi tunadai mambo mawili. La kwanza: mfanyakazi ambaye bibi yake iko na mimba apate nambari ya simu kwa ofisi ya posti, mtu ajibu usiku, na Kabwe akiitwa apande bila kukatwa mushahara wala primi. Wanaoweka skrini kwa kantini wanaweza pia kuweka hiyo simu. La pili: alama ya kampuni isiwe kwa paji la uso wa muzalishaji wa video. Yeye avae blouzi nyeupe ya kituo. Mwishoni iandikwe mwaka na jina la zoni ya afya iliyokubali maneno, ili siku mashauri yakibadilika, watu wajue video imezeeka na waitoe.

Kisha miezi, tusihesabu watu waliotazama. Tufungue rejista ya kituo pamoja na muzalishaji, tutafute wamama waliokuja usiku wakisema kichwa na macho, na saa ngapi zilipita toka maumivu yaanze. Kama hizo saa zinapunguka, video inafanya kazi. Kama hazipunguke, turudi kwa karatasi, tuulize tena ni neno gani la Feza ambalo halikusikika kwa nyumba.