Mtoto alikwaruzwa na pete ya ndoa

Dada yangu anaishi Tinde. Kila akimaliza kumwogesha mwanawe wa miezi minne aliona mistari myembamba myekundu mgongoni mwa mtoto. Alikata kucha zake, akakata na za mtoto, lakini mistari haikukoma. Nilipomtembelea nilipitisha kipande cha pamba kwenye pete yake ya ndoa. Nyuzi zikanasa. Ukingo mmoja wa pete ulikuwa umelika na kuwa mkali.

Chanzo kilikuwa kwenye kidole hichohicho. Kwa miaka sita amevaa pete ya chuma kisichoshika kutu ikigusana na ile ya ndoa. Pete ya ndoa ina mhuri 916 kwa ndani, yaani karati 22: sehemu 916 kati ya 1,000 ni dhahabu tupu. Dhahabu ya namna hiyo ni laini. Kila mama anapofua, anaposonga ugali au kubeba ndoo, pete mbili husuguana, na iliyo laini ndiyo inayolika.

Tulikwenda kwa sonara, akaipima. Risiti ya kununulia inasema gramu 4. Mzani ulionyesha 3.5. Huku kwetu watu wanashuka mashimoni kutafuta dhahabu kwa gramu, na nusu gramu ilikuwa imeishia kwenye beseni la kufulia.

Mzazi, vua pete zako leo uzitazame. Usiangalie juu, angalia ubavu zinapogusana. Ukiona mfereji, au upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, kuna pete inayoliwa. Pitisha pamba, ikinasa, usimshike mtoto ukiwa umeivaa.

Kisha soma mihuri. Dhahabu yenye 750 au 375 imechanganywa zaidi na madini mengine, hivyo kwa kawaida ni ngumu kuliko ya 916. Anayetaka kuvaa mbili pamoja achague zenye namba moja na ubavu laini. Hizo nazo husuguana, ila polepole na kwa usawa. Chuma, na pete yenye vito pembeni, ihamie mkono mwingine. Almasi hukwaruza dhahabu ya karati yoyote. Ukizivua usizitupe pamoja kwenye kikopo kimoja, kila moja ikae kwenye kitambaa chake.

Kama unapenda sana zikae pamoja, sonara anaweza kuziunga zile za dhahabu zisizungushane tena. Pete iliyokwisha kuwa kali huchongwa ukingo, lakini kuchonga nako kunapunguza dhahabu. Ikiwa imekonda sana, muulize sonara kuhusu kuongeza dhahabu upande uliolika kabla haijakatika.

Ya dada yangu ilichongwa kidogo tu. Ile ya chuma sasa iko mkono wa kulia, na zote mbili huzivua kabla ya kumwogesha mtoto. Mistari mipya haijaonekana tena.