Usitume Pesa Kabla ya Barua

Tuseme una duka Kitengela, deni limefika shilingi 48,000, na mkononi una 26,000 za mbuzi uliouza. Usizitaje zote. Anza na 20,000, eleza kwa nini huwezi zaidi, na useme utalipa kwa mkupuo mmoja ndani ya siku saba. Wakikataa, una nafasi ya kupanda.

Wengi huumia hapa: mtu wa kudai madeni anakupigia, "Tuma tu, tutafunga." Mimi nasema usitume. Bila barua ya mkopeshaji mwenyewe, inayosema kiasi hicho kinamaliza deni lote na salio limefutwa, umepunguza deni tu. Barua ikifika, lipa kwa namba ya Pay Bill iliyomo, si kwa simu ya mtu, kisha hakikisha CRB wamesahihisha rekodi yako.