Kashe ku kopi yako

Uliza mutu yeyote mwenye kudai makuta kwa mwajiri wake kama amefanya nini, atakujibia: "Nilikwenda, nikawaambia. Wakanijibia nirudie wiki kesho." Amekwenda mara kumi, amesimama ku poti mara kumi, amewaona mpaka wakubwa. Lakini ukimuuliza karatasi inayoonyesha kama alikwenda, hana. Kwa sheria ya kazi ya inchi yetu, huyu mutu hajaenda ata siku moya.

Hapa sisemi kwa mufano wa maneno tu. Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema katika kifungu cha 317 kama haki ya kudai inaisha. Mambo yanayotoka ku kontra ya kazi yanaisha kisha miaka mitatu. Lakini mushahara, ni mwaka moya tu, kuanzia siku ile mushahara ulipashwa kulipwa. Kisha mwaka, mwajiri anaweza kusimama mbele ya tribunali na kusema: ndiyo, labda nilikuwa na deni, lakini wakati wako umepita. Na juji hatauliza kama watoto walilala njaa.

Kitu gani kinasimamisha ile saa? Sheria inataja vitu vichache: kumuita mwajiri ku tribunali, hesabu ambayo mwajiri na mufanyakazi wamekubali, yenye kuonyesha deni lililobakia, kulalamika mbele ya inspekteri wa kazi, ao barua ya kudai iliyotumwa rekomande ku posta, na akize de resepsyo. Kwenda kuongea na bosi haimo. Kupiga simu haimo. Ahadi ya kapita haimo.

Tutwae mufano moya. Mufanyakazi wa sosyete ndogo inayofanyia kazi sosyete kubwa ya mine. Mushahara wake wa mwezi wa Machi 2024 ulipashwa kulipwa tarehe 31, haukuingia. Anavumilia. Anaenda kuongea mwezi wa tano, mwezi wa saba, mwezi wa kumi. Wanamwambia sosyete kubwa haijalipa fakture. Inaweza kuwa kweli. Anaanza kuandika barua tarehe 15 Aprili 2025. Amechelewa siku kumi na tano. Mwenzake, aliyekuwa na deni moya na lake, aliandika tarehe 10 Juni 2024, akatuma rekomande, akalinda akize. Kwake yeye saa ilirudia kuhesabu upya tangu ile siku. Ana wakati wa kwenda mbele ya inspekteri, mpaka Juni 2025. Wote wawili walikuwa na haki moya. Tofauti yao ni karatasi.

Sasa, namna ya kufanya. Barua inaandikwa mara mbili, yote inatiwa sahihi. Inataja jina lako kama liko ku kontra (siyo jina la kanisa leo, jina la baba kesho), namba yako ya matrikile, mwezi unaodai, na hesabu yenyewe. Usiandike "haki zangu zote". Andika mwezi gani, na falanga ngapi. Kama umefunga kopi za buletini ya pei, andika chini ni ngapi, juu kesho mutu asiseme kama enveloppe ilikuwa na karatasi moya tu.

Ukipeleka kwa mukono, kopi moya inabakia kwao, nyingine inarudia na wewe. Ku ile yako njo wanatia kashe, tarehe, jina la yule aliyepokea na sahihi. Batu wengi wanafurahia kashe, wanasahau tarehe. Kashe bila tarehe inaonyesha kama barua ilifika, haionyeshi kama ilifika mbele ya mwaka kuisha. Soma kopi hapo hapo, mbele ya kutoka ku biro.

Lakini kwa deni la mushahara, mimi ningepita tena ku posta, ata kama nimepata kashe, juu rekomande njo sheria inaitaja kwa jina. Na posta pia ina mutego wake: resi inaonyesha kama enveloppe ilitumwa, haionyeshi kitu gani kilikuwa ndani. Wazee walikuwa na akili: barua yenyewe wanaikunja, wanaifunga, wanaandika adresi ku mugongo wake, bila enveloppe, kashe ya posta inaanguka ku barua yenyewe. Kama posta haikubali vile, andika namba ya rekomande ku kopi yako siku ileile. Ile resi na akize ikirudia, zifunge pamoja na ile kopi. Na ufanye fotokopi ya resi mbio, juu wino wa ile karatasi ya mashini unafutika. Kisha miezi michache unabakia na karatasi nyeupe.

Na yale maneno ya ku poti? Nunua kaye. Kila mara unaongea na mutu, siku ileile andika tarehe, saa, jina lake na alichosema. Usiruke mistari, usipasue ukurasa; ukikosea, piga musitari moya juu ya kosa, lisomeke. Kaye peke yake ni maneno yako, juji anaweza kuiweka pembeni. Lakini inakusaidia kuandika barua ya pili: "Kufuatana na maongezi yetu ya tarehe fulani, ambapo mulinijibia vile..." Wasipopinga ile barua, ukimya wao pia unaanza kuonekana ku dosye.

Nakuja sasa ku jambo linaloniuma, barua za pamoja. Tunajua historia yetu. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachana na Gécamines katika ile operasyo ya kutoka kwa kupenda, kwa makuta ya Banki ya Dunia. Wengi walikataa kama ile makuta ilimaliza deni, na kudai kuliendelea miaka na miaka, wengine wakafa, wajane wakarithi kudai. Katika mambo kama haya, batu wanaandika barua moya, wanachagua mukubwa wa komite, na akize yote inalala ku mukoba wake. Siku anakufa, ao anahama, ao anagombana na wenzake, dosye inakwenda naye. Mimi nasema komite isiyopatia kila memba fotokopi ya barua, ya liste na ya akize haipashwi kuchangisha ata falanga moya. Na ku liste, kila mutu awe na jina, matrikile, deni lake na sahihi yake. Liste ya majina tu haisemi nani anadai nini.

Kama sekreterya anakataa kutia kashe, usigombane. Andika ku kaye jina lake na saa, nenda ku posta siku ileile, kisha ku inspeksyo ya kazi. Kule utapita tu siku moya: bila kupitia kwanza kwa inspekteri kujaribu kupatana, tribunali haitapokea dosye yako. Omba inspekteri aandike malalamiko yako, na ulizie kopi ya prose verbali.

Kopi za dosye ziweke pahali pawili, moya nje ya nyumba yako, juu mvua na mchwa havisomi sheria. Na bibi yako ajue ile sashe iko wapi, na tarehe ya rekomande ya mwisho.