Andika maamuzi, siyo sifa
Kijana wa miaka 27 aliyekabidhiwa ghala la kupokelea parachichi pale Makambako, njia panda ya Njombe na Songea, akianza wasifu wake wa LinkedIn kwa “mchapakazi, mwenye ari, ninayejifunza haraka”, amejianika kuwa mgeni kazini, kwani hayo ndiyo maneno ya anayetafuta ajira ya kwanza. Mnunuzi anayesoma anataka kujua kijana huyu ana mamlaka gani. Basi aandike cheo kama kilivyo kwenye barua yake ya uteuzi, bila kukipandisha, kisha aseme anasimamia watu wangapi, anapokea tani ngapi kwa msimu na malipo gani yanapita kwa saini yake. Baada ya hapo aeleze uamuzi mmoja mgumu: “Nilirudisha shehena ya Hass kutoka Njombe kwa sababu sampuli zilionyesha matunda hayajakomaa, tukapanga upya ratiba ya kuvuna na wakulima wale.” Sentensi hiyo inaonyesha kuwa anajua tunda lililochumwa changa husinyaa badala ya kulainika vizuri, na kwamba anaweza kusema hapana. Umri hauna haja ya kutajwa, wala tarehe za ajira zisirefushwe. Miaka miwili iandikwe miwili, kwa kuwa wanunuzi wa huku wanafahamiana, na simu moja kwa mwajiri wa zamani inatosha kuuangusha wasifu mzima.