Kistari kirefu si ushahidi, lakini kinaniambia kitu

Kila mwisho wa mwaka wenzangu hunipa kazi zao nizisome kabla hazijapelekwa kwa mwalimu. Siku hizi, kabla sijafika nusu ya ukurasa, jicho langu linakamatwa na alama tatu, yaani kistari kirefu, nukta mbili na nukta mkato. Zimejaa kama sisimizi kwenye sukari. Hapo ninaanza kushuku kwamba aliyeandika ni mashine.

Ninasema kushuku, kwa kuwa alama peke yake haimhukumu mtu. Sisi wa Kisangani tumesoma kwa Kifaransa, na vitabu vya Kifaransa hufungua maneno ya msemaji kwa kistari kirefu. Kibodi ya Kifaransa inatoa nukta mkato kwa kidole kimoja, wakati nukta ya kawaida inadai kibonye cha pili. Programu ya kuandikia nayo hugeuza kistari kifupi kuwa kirefu bila kuulizwa. Mwalimu anayetoa sifuri kwa kuhesabu vistari anaweza kumwonea mwanafunzi aliyefanya kazi yake mwenyewe.

Lakini nitazame kifungu kama hiki, ambacho nimekitunga kwa mtindo ninaokutana nao.

"Uvuvi wa Wagenia si kazi tu — ni urithi hai. Miti, kamba, madema: kila kitu kina maana, kila kitu kinasimulia historia. Mto unapiga kelele — wavuvi hawatetemeki. Wanajua njia yake."

Sentensi nne, alama tatu. Kila alama imekaa mahali ambapo Kiswahili kingeweka neno. Kistari cha kwanza kimemeza "bali". Nukta mbili zinatangaza kwamba jambo linakuja, kisha halitokei jambo lolote, maana kusema kila kitu kina maana ni kutosema kitu. Kistari cha mwisho ndicho kibaya zaidi. Wavuvi hawatetemeki ingawa mto unapiga kelele, au hawatetemeki kwa sababu wameuzoea? Hayo ni mawazo mawili tofauti. Kistari kinamruhusu mwandishi asichague.

Lugha yetu haina uhaba wa viungo. Tuna "maana", "kwani", "ingawa", "yaani" na "ndipo". Tuna -ki- na -ka- ndani ya kitenzi chenyewe, ambazo zinamwonyesha msikilizaji tukio gani linaambatana na lipi na lipi linafuata. Miswada ya kale ya pwani, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, haikutegemea nukta mkato, na bado msomaji alijua apumue wapi. Kwa hiyo ninapoona kistari, ninauliza ni kiungo gani kimekimbia.

Wengine hudhani dawa ni kufuta kistari na kuweka koma. Jaribu uone. "Si kazi tu, ni urithi hai." Mdundo ni uleule wa ngoma inayopigwa mara mbili mbili, na utupu ni uleule. Dawa ni kusoma kwa sauti, kusimama kwenye kila alama, na kutaja neno linalokosekana. Nikifanya hivyo na kifungu changu, ninapata hiki.

"Wagenia wanavua kwenye maporomoko, mahali ambapo maji yana nguvu sana. Wanasimika miti mikubwa katika matundu ya mawe, wanaifunga kwa kamba, na kwenye miti hiyo wananing'iniza madema makubwa. Dema likishushwa majini, samaki anayesukumwa na mto anaingia na hawezi kutoka. Kelele ya maji haiwatishi, maana wameizoea."

Ni koma na nukta tu. Sentensi ya pili ni ndefu kwa kuwa kazi yenyewe ina hatua kadhaa, na koma zinazipanga moja baada ya nyingine. Ya mwisho ni fupi kwa sababu haina mengi ya kubeba. "Urithi hai" umetoweka. Sikuufuta kwa makusudi, ila nilipotafuta kiungo cha kuushika sikukipata. Na ili kuandika sentensi za katikati ilinibidi nijue dema linafungwa wapi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu vile vistari, kwamba mtu anaweza kujaza kurasa arobaini juu ya Wagenia bila kujua hilo.

Sizifukuzi alama hizo. Nukta mbili zinafaa kabla ya orodha au maneno ya kunukuu. Nukta mkato inafaa kutenga vipengele vya orodha ambavyo ndani yake tayari vina koma, kwa mfano majina ya wasimulizi pamoja na vijiji vyao na umri wao. Katika kazi ya kurasa arobaini, mahali kama hapo huenda pakawa patatu au panne.